Kipimajoto Chako si Kibovu: Kwa Nini Maji Huchelewa Kuchemka na Barafu Huelea

Tangu kampeni ya kuchemsha maji ya kunywa ianze msimu huu wa mvua, dirisha letu la malalamiko linapokea wateja wa aina mbili. Wa kwanza wanarudisha vipimajoto. Tuliwagawia wahudumu wa afya ya jamii na walimu wa sayansi, wakavitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota kabisa, vikapanda hadi 94 na kugoma hapo. Kitabu cha shule kinasema 100. Basi neno likaenea kwamba maabara ya maji imegawa vipimajoto feki. Wateja wa pili wanaleta chupa za sampuli zilizopasuka. Walitaka maji yafike kwetu yakiwa bado ya baridi, wakayalaza kwenye friza usiku kucha, asubuhi wakakuta vigae vya kioo vimeshikiliwa na bonge la barafu, nao wanadai tumewapa chupa dhaifu.

Tunawashukuru wote kwa kufuatilia. Lakini ieleweke kwamba vipimajoto ni vizima na chupa zilikuwa imara. Na ingawa malalamiko haya mawili yanaonekana hayana undugu, ni ya tumbo moja, kwa hiyo nitayaeleza pamoja.

Nianze na la 94, maana ndilo jepesi. Maji huchemka pale mvuke unaotoka ndani yake unaposukuma kwa nguvu sawa na hewa iliyoyakandamiza kutoka juu. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa hiyo ni nzito na maji yanahitaji nyuzi 100 ili kuishinda. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji yanaishinda yakiwa na nyuzi 94 na kidogo. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi moja. Njombe ni karibu 93. Anayepika kilele cha Kilimanjaro maji yake yanatokota kwenye nyuzi kama 80, ndiyo maana maharage huko hayaivi. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara vinakufa chini sana ya 94, kwa hiyo agizo letu halibadiliki: maji yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika moja ndipo uepue, na kama unaishi juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu. Hakuna haja ya kuyatokosa nusu saa. Huko ni kuchoma mkaa bure.

Kwa kweli swali linalofaa kuulizwa si kwa nini maji yetu yanachemka kwenye 94 badala ya 100. Ni kwa nini hayachemki kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri.

Sitanii. Mafundi wetu wa majitaka wanaijua gesi yenye harufu ya mayai viza inayotoka kwenye chemba. Kwa fomula ni H2S: salfa moja na hidrojeni mbili. Maji ni H2O: oksijeni moja na hidrojeni mbili. Salfa na oksijeni ni ndugu, wamekaa safu moja kwenye jedwali la elementi, na molekuli zao hizi mbili zina umbo lilelile lililopinda kama herufi V. Tena ile ya salfa ni nzito karibu mara mbili, 34 kwa 18. Kwa kawaida molekuli nzito ndiyo inayochelewa kuchemka. Hapa imekuwa kinyume: H2S inachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, ndiyo maana ndani ya chemba unaikuta ikiwa gesi na inaua. (Nirudie kwa mara nyingine, kwa kuwa kuna wanaodhani ni sheria ya kusumbuana: hakuna kuingia chemba peke yako, hakuna kuingia bila kipima gesi na kamba ya kuvutwa, na usiitegemee pua, kwa sababu gesi hii ikizidi inaifisha pua na utadhani imeisha.) Wakubwa wa ukoo huo wanafuata mstari vizuri. Ile ya seleni inachemka nyuzi 41 chini ya sifuri, ile ya teluri nyuzi mbili tu chini ya sifuri. Ukiuvuta mstari huo kurudi nyuma hadi kwa oksijeni, maji yalipaswa kuwa gesi hata katika usiku wa Julai kule Kitulo. Yapo karibu nyuzi 170 juu ya mahali pake.

Kinachoyashikilia ni bondi ya hidrojeni.

Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni inashirikiana elektroni na hidrojeni zake mbili, lakini ushirika huo si wa haki. Oksijeni ni mroho. Inazivuta elektroni upande wake, inabaki na chaji hasi kidogo, na kila hidrojeni inabaki kama imevuliwa nguo, ikiwa na chaji chanya kidogo. Upande wa pili, oksijeni hiyohiyo ina jozi mbili za elektroni ambazo hazijashika kitu. Sasa molekuli nyingine ikipita karibu, hidrojeni yake iliyo uchi inavutwa na jozi hiyo. Mvutano huo kati ya molekuli na molekuli ndio tunaouita bondi ya hidrojeni. Salfa ni kubwa na haina uroho huo, hidrojeni zake hazivuliwi vya kutosha, na mvutano unaopatikana ni hafifu sana.

Bondi moja ya namna hii si kitu. Ina nguvu kama moja ya ishirini ya ile inayoshika oksijeni na hidrojeni yake ndani ya molekuli, na katika maji ya kawaida inakatika na kuungwa upya ndani ya muda mfupi usiopimika kwa saa yoyote ya mkononi: sehemu ya milioni ya sehemu ya milioni ya sekunde. Ila molekuli haishikwi na bondi moja. Hesabu vizuri hapa, maana ndipo siri ilipo. Molekuli ya maji ina hidrojeni mbili za kutoa, na ina jozi mbili za kupokelea. Mbili za kutoa, mbili za kupokea: jumla majirani wanne. Hakuna mkono unaobaki bila wa kushikana naye.

Mwalimu mmoja aliniuliza swali zuri kuhusu hilo. Alisema, amonia nayo ina hidrojeni tatu, mbona haichemki juu zaidi ya maji? Amonia ndiyo inayozungushwa kwenye mitambo mikubwa ya kugandisha barafu ya samaki, na inachaguliwa hasa kwa sababu inachemka kwa urahisi, nyuzi 33 chini ya sifuri. Jibu ni kwamba amonia ina hidrojeni tatu za kutoa lakini jozi moja tu ya kupokelea. Katika kundi la amonia tupu, hidrojeni mbili kati ya tatu zinakosa wa kuzipokea. Asidi ya florini iko kinyume, ina hidrojeni moja na jozi tatu, na ingawa kila bondi yake ni kali kuliko ya maji, inachemka kwenye nyuzi 19 na nusu. Maji yanawazidi wote kwa sababu hesabu ya kutoa na kupokea imelingana.

Ili maji yawe mvuke, mikono hiyo yote lazima iachane. Unaweza kuliona hili jikoni bila kifaa chochote cha maabara. Weka lita moja ya maji ya nyuzi 20 kwenye jiko ambalo moto wake haubadiliki, chukua saa yako, andika dakika zilizopita hadi yatokote. Kisha usiepue. Endelea kuangalia hadi sufuria ikauke. Kama ilichukua dakika 10 kutokota, itachukua zaidi ya saa nzima kukauka, kwa sababu joto la kuyageuza yote kuwa mvuke ni karibu mara saba ya lile la kuyafikisha 100. Na muda wote huo kipimajoto hakipandi hata alama moja. Joto linaingia, lakini lote linatumika kuachanisha mikono. Kwetu Mbeya ni vivyo hivyo kwenye 94. Bondi za hidrojeni hazilegei kwa sababu ya mwinuko. Kilichopungua ni uzito wa hewa ambayo mvuke unapaswa kuuinua.

Hapa niombe radhi kwa ukali kidogo. Yale mapovu yanayopanda kwenye maji yanayochemka si hidrojeni na oksijeni zilizotengana. Ni mvuke wa maji, H2O ileile, molekuli nzima nzima. Bondi zinazokatika ni zile hafifu za kati ya molekuli na molekuli. Zile za ndani, zenye nguvu mara ishirini, hazijaguswa na jiko la mkaa halitaziweza. Tunapokea barua, nyingine za kurasa nne, kutoka kwa watu walioonyeshwa video ya pikipiki inayotembea kwa "gesi ya maji ya moto". Maabara haina fomu ya kusajili uvumbuzi huo na haitatengeneza.

Sasa tuje kwenye chupa.

Kila aliyesoma shule ya msingi anakumbuka gwaride la asubuhi. Wanafunzi mia mbili wanapogombania mlango wa duka la mandazi wakati wa mapumziko, wanatosha kwenye kona moja ya uwanja, bega kwa bega, huyu kapenya kwapani mwa yule. Kisha kengele inagongwa, wanapanga mistari, kiranja anapaza sauti: mkono mbele, nyoosha! Wanafunzi ni walewale mia mbili. Hakuna aliyenenepa. Lakini sasa wamejaza uwanja mzima, na kati yao kuna nafasi ambayo mtu anaweza kupita.

Maji ya kimiminika ndiyo wale wa dukani. Bondi zipo, ila zinavunjwa na kuungwa kila wakati, na katika vurugu hiyo molekuli inaweza kujipenyeza kwenye nafasi isiyo yake. Maji yakipoa hadi sifuri, vurugu inakwisha. Kila molekuli inanyoosha mikono yake minne sawasawa, kila mkono kwa jirani mmoja, kwa pembe maalumu ambayo haikubali kupindwa. Molekuli zinajipanga kwenye pete za sita sita, na katikati ya kila pete kuna uwazi. Ndiyo barafu hiyo. Chembe ya theluji ina ncha sita kwa sababu hiyohiyo. Wengi wanadhani kugandisha ni kubana, na kwa vitu vingi ni kweli: tupa kipande cha mafuta ya mgando kwenye mafuta ya moto uone, kitazama. Maji hayabanwi. Yanaamriwa kunyoosha mikono.

Uzito haujabadilika, nafasi imeongezeka. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa karibu gramu moja, ya barafu ni gramu 0.917. Ndiyo maana barafu inaelea, sehemu kama tisa kati ya kumi zikiwa chini ya maji na moja ikichungulia juu.

Wapo wanaosisitiza kwamba barafu inaelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake, na wanaonyesha ule ukungu mweupe katikati ya bonge kama ushahidi. Hewa ipo kweli, ile iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, lakini siyo inayobeba mzigo. Chemsha maji, yaache yapoe, yachemshe tena ili kuifukuza hewa nyingi iliyomo, kisha yagandishe. Utapata barafu angavu zaidi. Itumbukize kwenye glasi. Itaelea vilevile.

Kuna jambo moja la ziada ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja na kulipita. Maji hayasubiri sifuri ndipo yaanze kutanuka. Yakipoa kutoka nyuzi 30 kushuka, yanajibana kama kitu kingine chochote hadi yanapofika nyuzi 4. Kuanzia hapo kunyoosha mikono kunaanza kushinda kubanana, na maji ya nyuzi 3, 2 na 1 yanakuwa mepesi kuliko ya nyuzi 4. Tofauti ni ndogo mno, lakini inatosha kuamua nani akae juu na nani akae chini. Mwezi wa saba, sakitu ikianguka Kitulo, beseni lililoachwa nje usiku linaweza kuamka na utando wa barafu juu. Uguse kwa kidole: unavunjika kama kioo chembamba, na chini yake kuna maji. Hutakuta kamwe barafu chini na maji juu. Maji ya nyuzi 4 yamekaa chini, yaliyo baridi zaidi yamepanda juu na kuganda, na barafu yenyewe ikishakuwepo haiwezi kuzama.

Chupa yako ya sampuli ndani ya friza iko katika hali hiyohiyo, ila yenyewe ina mfuniko. Tuifanyie hesabu. Mteja alijaza chupa ya kioo ya mililita 500 hadi mdomoni, akafunga kwa nguvu, kama alivyofunga kila mteja mwangalifu. Maji yanapoganda yanaongezeka karibu asilimia 9. Mililita 500 zinadai nafasi ya 545. Hizo 45 zaidi, kama vijiko vitatu vya chakula, hazina pa kwenda. Mara nyingi barafu inaanza kwa kuziba shingo na kujishika ukutani, maji ya katikati yanabaki yamefungiwa pande zote, nayo yanapoganda kwa zamu yake yanasukuma. Kioo hakitanuki. Ukiviangalia vigae vilivyoletwa dirishani kwetu, chupa nyingi zimepasuka ubavuni kutoka juu hadi chini na mfuniko ukiwa bado umefungwa barabara. Chupa dhaifu ingevunjika wakati wa kubebwa kwenye bodaboda. Hizi zilisukumwa kutoka ndani.

Kwa hiyo utaratibu wa sampuli ya vijidudu ni huu, na tunaomba usomwe hadi mwisho kabla ya kuja kugombana na mpokeaji. Chukua chupa iliyotakaswa kutoka kwetu, si ya soda, si ya asali iliyooshwa. Usiisuuze, kwa sababu ndani yake kuna dawa kidogo ya kuzima klorini, na ukiimwaga klorini itaendelea kuua vijidudu njiani na majibu yatakudanganya. Fungua bomba maji yamwagike dakika mbili au tatu. Kinga bila kugusa mdomo wa chupa, na acha nafasi tupu ya kama sentimita mbili na nusu juu. Nafasi hiyo inawekwa ili mtaalamu aweze kuitikisa chupa kabla ya kupima. Isichukuliwe kama ruhusa ya kugandisha. Andika saa, tarehe na mahali. Weka kwenye kasha lenye barafu, barafu ikiwa nje ya chupa, na uifikishe maabara siku hiyohiyo, au kwa vyovyote ndani ya saa 24. Sampuli iliyoganda haipokelewi hata kama chupa imepona, kwa kuwa barafu inajeruhi na kuua sehemu ya bakteria tunaowatafuta, na maji machafu yanaweza kusomeka masafi. Fomu inagongwa muhuri wa kukataliwa, ada ya kwanza hairudishwi, na sampuli mpya inalipiwa upya. Chupa ya kioo iliyopasuka inalipiwa na aliyeichukua. Mambo haya yote yamechapishwa nyuma ya fomu, kwa herufi ambazo tunakubali ni ndogo.

Kuhusu vipimajoto, kama bado una mashaka na chako, usikipime kwa maji yanayochemka, maana utakuwa unapima mwinuko wa kijiji chako. Kipime kwa barafu. Ponda barafu safi, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kushikamanisha, koroga, subiri dakika tatu. Mchanganyiko huo unakaa kwenye sifuri, Mbeya kama Tanga, kwa sababu hapa hakuna mvuke unaopambana na hewa. Ni barafu na maji tu, mikono ikinyooka na kuachia, na uzito wa hewa hauibadilishi alama hiyo kwa kiasi ambacho kipimajoto chako kinaweza kuona. Kikisoma sifuri, au kikikosea kwa nyuzi moja tu, nenda nacho nyumbani. Kikisoma 3 au 4, hicho ni kibovu kweli na tutakibadilisha bila malipo, dirisha namba mbili, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Njoo na kipimajoto chenyewe, si picha yake kwenye simu.